Pete Nimewaonyesha, Mengine Yamebaki Nyumbani

Pete yangu ya uchumba ni ya fedha, na mahali pa kito pana kigae cha sahani. Mgeni akiiona hushangaa, lakini sisi wa Lamu tumezaliwa tukazikuta. Masonara wa mji huu huchukua vipande vya sahani za kale, zile za kauri zilizokuja na majahazi na ambazo wazee walizipanga kwenye zidaka za chokaa ukutani, wakavizungushia fedha. Sahani ikivunjika, kipande chenye ua au mstari mzuri huchaguliwa, kingo zikasuguliwa, kikapigiwa ukingo, kikawa pete au kidani. Changu kina nusu ya jani la buluu. Kimetoka kwenye sahani ya nyumbani kwa bibi yake mchumba wangu, na kwa kuwa kigae ni kipana, pete yenyewe inafunika karibu fundo zima la kidole.

Nilitaka kuitia picha mtandaoni. Nina ndugu Mombasa, Nairobi na Maskati, nina niliosoma nao, na furaha ilikuwa imenijaa. Wakati huohuo kulikuwa na sehemu ya habari ambayo si ya kuuza. Kabla ya barua ya posa kufika kwetu kulikuwa na mazungumzo kati yetu wawili, na kulikuwa na sababu iliyolichelewesha jambo. Sababu hiyo inamgusa mtu wa tatu ambaye hakuomba kuandikwa. Sitaiandika hapa pia, kwa hiyo anayeisubiri asijichoshe kusoma mpaka chini.

Nilidhani kazi ngumu itakuwa picha. Kumbe picha ilichukua asubuhi moja, na maneno ya chini yake yakanichukua siku kadhaa, kwa sababu kila nilichokiandika kilikuwa na mlango wa nyuma.

Neno la kwanza lililonijia ni lile ambalo kila mtu analo: "Hatimaye!" Nikamsomea dada yangu. Akauliza palepale, "Hatimaye baada ya nini?" Basi. Dada yangu anaijua habari yote na bado neno lilimtia hamu ya kuuliza, sembuse mtu asiyejua chochote. Neno hilo moja linasema kulikuwa na kungoja, na kungoja kuna sababu, na sababu ndiyo ile niliyokuwa naificha. Hapo nikapata kipimo nilichokitumia kwa kila sentensi iliyofuata. Nikishaandika, najiuliza: msomaji akimaliza kusoma hii ataniuliza nini? Swali hilo nikiweza kulijibu kwa raha mbele ya watu wote, sentensi inabaki. Likinifanya nimeze mate, sentensi inaondoka, hata iwe tamu vipi.

Rasimu iliyofuata ilisema, "Nilimwambia ndiyo." Hii nayo nimeiona kwa wengi. Ami yangu, aliyekuwa amekaa barazani, aliposikia akaninyoshea kidole: "Ulimwambia ndiyo wewe? Na sisi tuliokaa tukaandika jibu tulikuwa wapi?" Alisema kwa mzaha, lakini mzaha wa ami una miba. Kwetu posa huja kwa wazee na jibu huenda kwa wazee. Ukiandika kwamba yeye aliuliza na wewe ukajibu, umewafuta watu wazima waliovaa kanzu wakatembea jua kali kwa ajili yako. Tena umefungua swali lenyewe nililolikimbia: alikuambia wapi, lini, kwa maneno gani? Niliifuta bila kujitetea.

Kisha nikaandika kwa ujanja: "Hadithi ni ndefu, ipo siku nitawasimulia." Nilijiona nimepatia, kwa sababu sijasema kitu. Mchumba wangu akaisoma, akacheka, akasema kwamba huko ni kufunga mlango kisha kusimama nje kuwaambia watu umefunga. Kweli. Mtu ambaye hakuwa na haja ya kujua kama kuna hadithi sasa anajua ipo, anajua ni ndefu, na ameahidiwa. Kila nikikutana naye kwenye gati la Mokowe atanidai. Hali ni ileile ukiandika "mengine ni ya moyoni" au "wanaojua wanajua". Maneno ya namna hiyo huwagawa wasomaji wako kati ya walio ndani na walio nje, na walio nje ndio watakaochimba. Ukitaka kuficha jambo, usilitaje kwamba limefichwa.

Rafiki mmoja, ambaye ana kipaji cha kupamba, aliniambia niandike kwamba kigae kimeokotwa kwenye magofu ya Takwa, tulipokuwa tukitembea, mimi na mchumba wangu, bahari ikivuma. Kapsheni ingependeza. Ila kwanza ni uongo, na bibi yake mchumba wangu yuko hai na anaijua sahani yake. Uongo wa furaha hauishi ukiwa na shangazi wengi, kwani mmoja atausahihisha kwenye maoni, na kuanzia hapo watu watataka kujua kwa nini ulidanganya. Pili, Takwa iliyoko Manda, na Shanga iliyoko Pate, ni magofu yanayolindwa kisheria, na kuchukua vitu vya kale huko ni kosa. Ningejitafutia balaa kwa kitu ambacho hata hakikutokea, na kuwafundisha watoto wa watu wakaokote vigae. Kama unahitaji kuficha sehemu ya habari, punguza. Usijaze pengo kwa kitu cha kutunga.

Kilichonifungua macho ni kanga. Nilikuwa naianika ya mama, nikasoma jina lake, nikakumbuka jinsi wanawake wa mji huu walivyokuwa wakijuana kwa majina ya kanga. Mtaa mzima husoma maneno yale na kuyaelewa kama yalivyo, wala hakuna anayeona amenyimwa kitu. Aliyekusudiwa naye husoma akapata lake. Nikatambua kosa la rasimu zangu zote: zilikuwa nusu. Nilikuwa naandika habari ya posa kisha naikata katikati, na msomaji alikuwa anaona mahali nilipokata. Nilichohitaji ni habari nyingine ndogo iliyo kamili, yenye mwanzo na mwisho wake, ambayo naweza kuitoa yote.

Na habari hiyo nilikuwa nimeivaa kidoleni. Pete yenyewe! Imetengenezwa vipi, imetoka wapi, nani amefanya kazi ile. Hayo ni yangu kuyasema na hayamgusi mtu. Nikakipitisha kipimo changu. Nikiandika "kigae cha sahani", wataniuliza sahani ya nani, nami nitajibu ya bibi yake, amebariki. Wakiuliza sonara ni yupi, nitawaelekeza kwa furaha. Wakiuliza imekuwaje kigae kikawa pete, nina maneno ya kujaza ukurasa. Swali moja tu lilinitia wasiwasi: sahani ilivunjikaje? Hiyo ni habari ya nyumba yao, tena si ya kuchekesha. Kwa hiyo niliamua kutotumia neno "ilivunjika" popote. Nikasema "kigae cha sahani ya zamani", na kwa Mlamu hilo linatosha, maana sahani za zamani zimekuwa vigae toka zamani na hakuna anayeuliza kulikoni.

Kapsheni ikatoka hivi:

"Kigae cha sahani ya zamani, fedha ya sonara wetu, na barua iliyojibiwa. Alhamdulillah, nimeposwa. Tuombeeni."

Ni fupi kwa makusudi. Instagram inakuruhusu kuandika hadi herufi 2,200, lakini anayepita huona kama mistari miwili tu, mengine hukatwa mpaka abonyeze. Kama habari yako inaanza na maelezo na jambo lenyewe liko mwisho, watu watatoa hongera bila kujua wanakupongeza kwa nini, au watakisia. Yangu inaonekana yote bila kubonyeza. "Barua iliyojibiwa" niliiweka kwa ajili ya ami na wenziwe. Inawaambia wanaojua ada kwamba jambo limepita njia yake, na inajibu mapema lile swali la "alikuposaje?", kwa kuwa jibu limo ndani: kwa barua. Ni kweli tupu. Si kweli yote, lakini hakuna aliyesema kapsheni ni hati ya kiapo.

"Tuombeeni" nayo ina kazi. Posa si ndoa, na wazee wetu hawapendi itangazwe kwa vishindo, kwani posa huweza kuvunjika na maneno yakabaki. Bibi yangu alipoiona kwanza hakupendezwa hata kidogo na wazo la kuitia picha. Aliposikia neno la mwisho akanyamaza, kisha akasema, "Maneno si mangi. Basi tia." Sikuandika tarehe ya nikahi, sikuandika "mume wangu", sikuandika milele. Yote hayo ni ahadi ambazo Mungu hajazitia sahihi bado.

Sasa picha. Nimesema ilichukua asubuhi moja, lakini nusu ya asubuhi hiyo ilikwenda kwenye kuangalia vitu ambavyo sikukusudia kuvionyesha. Picha inaweza kusema lile ambalo kapsheni imelinyamazia.

Nilipiga uani kwetu, kabla jua halijaingia moja kwa moja, kwa sababu fedha iliyong'arishwa ikipigwa na jua inageuka doa jeupe na jani la buluu linapotea. Picha ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Mkono umetulia juu ya mkeka, vidole vimelegea, kigae kinaonekana mpaka nyufa zake nyembamba. Nikaikuza kwa vidole viwili kuangalia ukingo wa fedha. Ndani ya ule ukingo, padogo kuliko punje ya mchele, nilimwona mtu ameinama na simu, kichwa wazi, nywele zimefumuka. Mimi huyo. Nilikuwa nyumbani, sikuwa nimejitanda, na pete ilikuwa imenipiga picha wakati naipiga yenyewe. Ukingo mpana wa fedha hufanya kazi ya kioo. Nikajitanda, nikamwambia dada ashike leso nyeupe upande wa kichwani kwangu, na fedha ikaakisi weupe mtupu. Hata rangi ilitoka bora. Tangu siku hiyo nikiona picha ya pete ya mtu naikuza, na nimeona mengi yasiyonihusu.

Kitu cha pili kilikuwa bahasha. Niliona itapendeza kuweka ile barua kando ya mkono, imekunjwa, kwa kuwa kapsheni inaitaja. Ilikuwa imekunjwa, naam, lakini juu yake kulikuwa na jina la baba na nambari ya simu ya mzee aliyeileta, vyote vinasomeka. Ikaondoka. Mlango wetu pia ukaondoka. Milango ya kuchonga ya Lamu haifanani, na anayeujua mji akiona robo ya mlango atakuambia ni nyumba ya nani na mtaa gani. Mkeka wa ukili hauna jina la mtu, ndiyo maana ulibaki peke yake.

Hina sikupaka. Si kwamba haipendezi. Mkono wenye hina na pete pamoja, kwa macho ya huku, ni mkono wa bibi harusi, na ningeanza kupokea lawama za watu ambao hawakualikwa kwenye harusi ambayo haijafanyika. Na kwa wanaojipiga kwa kamera ya mbele, angalieni simu yenu kama inageuza picha kama kioo. Binamu yangu alitia yake, pete ikaonekana mkono wa kulia na saa mkono mwingine, na watu wakabishana siku nzima kuhusu mkono wa pete badala ya kumpa hongera.

Mahali niliandika "Lamu", basi. Instagram ilinipendekezea majina ya sehemu za jirani, kuna hoteli, kuna mikahawa ya Shela. Ukichagua moja umewapa watu uwanja wa kujenga hadithi: kumbe alimposea pale. Wakishajenga, kukanusha kwako ndiko kutakakowapa ile ya kweli.

Kabla ya kubonyeza, tulipiga simu. Hili watu huliruka kwa kuwa wanaona limepitwa na wakati, lakini ndilo lililonipa usalama zaidi kuliko mpangilio wowote wa simu. Mama yake mchumba wangu alisomewa maneno neno kwa neno, kwani sahani ni ya kwao. Ami wa Mombasa aliambiwa kwa mdomo, na shangazi aliyeko Maskati pia. Mtu wa karibu akiikuta habari mtandaoni kama mpita njia, huumia, na akiumia huandika. Huandika palepale chini ya picha, mbele ya watu, yale anayoyajua. Wengi ninaowajua ambao siri zao zilitoka, zilitokea hapo, kwa jamaa aliyetaka kuonyesha kwamba yeye ni wa ndani.

Sisi pia hatukupona kabisa. Jioni ile ndugu mmoja wa mbali aliandika kwenye maoni, "Si mlikuwa mmeshakatiana tamaa nyinyi?" akaweka na vicheko. Alifurahi kweli, hakuwa na nia mbaya. Mkono wangu ulikuwa tayari kujibu. Mchumba wangu akanizuia, na alikuwa sahihi, kwa sababu jibu lolote lingelipandisha lile swali juu. Tuliyafuta maoni yale kimya, kisha nikampigia simu nikamwambia kwamba nimeyaondoa na kwa nini, bila kumkaripia. Hiyo simu ni ya lazima. Ukifuta bila kusema, mtu huona, huandika tena kuuliza kwa nini umefuta, na hapo una maoni mawili ya kuondoa. Kutoka maoni yale yaandikwe mpaka yafutwe, bila shaka wapo walioyasoma. Hilo halina dawa.

Vilevile tulikuwa tumekubaliana jibu moja, mimi na mchumba wangu, kwa yeyote atakayeuliza habari za posa. Ni hili: "Wazee walikuja kwa barua, wakajibiwa kwa kheri." Wote wawili, maneno yaleyale. Tulipokuwa hatujakubaliana, yeye alimjibu rafiki yake kwa njia moja na mimi nikamjibu mke wa huyo rafiki kwa njia nyingine, na wanandoa hao walipolinganisha usiku wakaona kuna kitu. Majibu mawili ya kweli yasiyofanana huleta shaka kama uongo.

WhatsApp niliitumia tofauti. Kule hadhi hukaa saa 24 kisha huondoka, na unaweza kuchagua nani aione. Niliweka picha ileile na maneno yaleyale. Wapo waliodhani kwenye kundi la watu wachache ningeandika zaidi, lakini sijawahi kuona kundi dogo ambalo halina mtu wa kupiga picha ya skrini. Nilichobadilisha ni watu tu: wale ambao habari hii ingewachoma, niliwaondoa kwenye walioiona, nikamtumia kila mmoja ujumbe wake baadaye.

Na Facebook, kwa walio na wazazi huko, jueni jambo moja. Ukiandika kisha ukasahihisha, Facebook huweka historia ya mabadiliko, na anayeweza kuiona posti yako anaweza kuifungua akasoma ulichoandika mwanzo. Kwa hiyo usiandike lote ukidhani utapunguza baadaye. Ukishaitia ikawa na neno usilolitaka, ifute yote uitie upya, hata kama zile hongera za kwanza zitapotea. Mimi rasimu zangu zote niliziandika kwenye daftari la karatasi, na kurasa zile nimezichana.

Swali lililoulizwa kuliko yote, mwishowe, halikuwa la posa. Lilikuwa: sonara ni nani, na anatoza kiasi gani? La kwanza nalijibu, nawaelekeza mtaani na kuwaambia wamuulizie. La pili nawaambia wamuulize mwenyewe, kwa kuwa bei ya pete ni zawadi ya mtu na si yangu kuitangaza. Tena kwa kigae cha nyumbani gharama ni ya fedha na ufundi tu, na pete yangu ilibidi irudishwe ikapunguzwe duara, kwani ilikuwa ikizunguka kidoleni na jani likaangalia chini. Sonara ananiambia sasa watu wanamjia na vigae vyao vya nyumbani mfukoni, wengine vikiwa na nembo ya kiwanda cha juzi. Hivyo anavirudisha. Ami bado ananiuliza bei kila Ijumaa akitoka msikitini, nami bado sijamwambia.